Kazi Inayowalipa Wakulima wa Zabibu Ikiamka Mara Mbili

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na katika wiki za mavuno chama cha ushirika kinaweza kupokea mizigo mfululizo tangu asubuhi hadi jioni. Tuchukue chama cha mfano kilichoko upande wa Hombolo. Karani wa mzani hupima makreti ya mkulima, huingiza kilo kwenye mfumo, na mfumo humchapia mkulima stakabadhi. Wakati huohuo mstari mmoja huingia kwenye jedwali la malipo ukiwa na namba ya stakabadhi, namba ya simu ya mkulima, kiasi anachodai, na neno linaloeleza hali ya deni hilo: INASUBIRI. Karani mwenyewe halipi. Anayelipa ni programu ndogo iliyoko kwenye seva, ambayo kila dakika huamka, huliuliza jedwali kama kuna mistari inayosubiri, hutuma ombi la malipo ya kila mstari kwenye mfumo wa kampuni ya simu, hubadilisha neno INASUBIRI kuwa IMELIPWA, kisha hulala hadi dakika inayofuata.

Mpangilio huu unapendwa kwa sababu ya msingi. Mtandao wa kampuni ya simu ukikwama kwa nusu saa, kazi ya mzani haisimami. Madeni hujikusanya kwenye jedwali, na mtandao ukirudi programu huyakuta palepale yalipoachwa. Lakini uwezo huohuo wa kurudi na kukuta yaliyoachwa ndio unaozaa hatari ya kulipa deni moja mara mbili, kwa kuwa programu hurudia kila inachoamini kuwa hakijafanyika, na imani yake inatokana na neno moja tu lililoandikwa kwenye jedwali. Makala hii inaeleza kwa nini haiwezekani kuhakikisha kwamba kazi ya namna hii itamgusa kila mkulima mara moja tu, na kwa nini njia iliyobaki ni kuifanya irudiwe bila madhara.

Toleo ambalo karibu kila mtu huanza nalo linafanana na hili:

```sql
SELECT id, simu, kiasi FROM malipo
WHERE hali = 'INASUBIRI' ORDER BY id;

-- kwa kila mstari: tuma pesa, kisha
UPDATE malipo SET hali = 'IMELIPWA' WHERE id = 8841;
```

Ukilijaribu kwa mistari mitano ofisini, halina kasoro. Kasoro huonekana siku ya mavuno.

Nakala mbili kwenye orodha moja

Tuseme saa nne kamili asubuhi kuna mistari 40 inayosubiri, na kampuni ya simu huchukua takribani sekunde 3 kujibu kila ombi. Kazi nzima itahitaji sekunde 120. Lakini `cron`, ambayo ndiyo huiamsha kazi kila dakika, haiulizi kama ile ya dakika iliyopita imemaliza. Saa nne na dakika moja inaanzisha nakala ya pili. Wakati huo nakala ya kwanza imeshalipa mistari 20 na iko kwenye wa 21. Nakala ya pili inasoma jedwali, inakuta mistari 20 bado imeandikwa INASUBIRI, na inaanza na huohuo wa 21. Tangu hapo nakala zote mbili zinashuka bega kwa bega, mstari kwa mstari, kila moja ikituma pesa na kila moja ikiandika IMELIPWA. Dakika mbili tangu kazi ianze, wakulima 20 wamelipwa mara moja na wakulima 20 wamelipwa mara mbili.

Wengi hudhani dawa ni kuitaka programu iuangalie tena mstari kabla ya kuutuma. Haisaidii sana, kwa sababu nakala zote mbili zinaweza kuuangalia ndani ya sekunde ileile, zote zikakuta INASUBIRI, na zote zikatuma. Kuangalia na kuchukua vikiwa vitendo viwili, daima kuna nafasi kati yao ambamo mwingine anaweza kuingia. Kinachotakiwa ni kitendo kimoja kisichogawanyika, ambacho hifadhidata yenyewe inakisimamia: kuuchukua mstari na kuubadilisha hali kwa pigo moja, ili atakayechelewa akute umeshachukuliwa. Katika PostgreSQL, tangu toleo la 9.5, hilo huandikwa hivi:

```sql
UPDATE malipo
SET hali = 'INATUMWA', imechukuliwa = now()
WHERE id IN (
  SELECT id FROM malipo
  WHERE hali = 'INASUBIRI'
  ORDER BY id LIMIT 10
  FOR UPDATE SKIP LOCKED
)
RETURNING id, kumbukumbu, simu, kiasi;
```

Maneno `FOR UPDATE` hufunga kufuli kwenye mistari iliyochaguliwa, na `SKIP LOCKED` huiambia nakala nyingine iiruke mistari iliyofungwa badala ya kuisubiri. Nakala mbili zikifika pamoja, ya kwanza itachukua mistari 10 na ya pili itachukua 10 mingine. Hali mpya ya INATUMWA inabaki kwenye jedwali hata kufuli lenyewe likishafunguliwa, kwa hiyo nakala itakayoamka dakika inayofuata haitaigusa mistari hiyo.

Wapo wanaotosheka na njia nyepesi zaidi, yaani kuiagiza seva isianzishe nakala ya pili kabla ya kwanza kumaliza, kwa amri kama `flock`. Njia hiyo ni nzuri mradi seva ni moja. Siku chama kitakapoweka seva ya pili kwa ajili ya dharura, au mtaalamu atakapoianzisha kazi kwa mkono kwenye kompyuta yake akitaka kuona kwa nini inachelewa, kufuli la seva ya kwanza halitamhusu. Ndiyo maana napendelea kufuli likae kwenye hifadhidata, kwa sababu nakala zote, popote zilipo, lazima zipite hapo.

Pengo ambalo kufuli haliwezi kuliziba

Hapa ndipo watu wengi huishia, wakiamini tatizo limekwisha. Kufuli limezuia nakala mbili zisilipe kwa pamoja, lakini halijagusa hali ambayo nakala moja tu, iliyo peke yake, inalipa deni moja mara mbili kwa nyakati tofauti.

Tufuate mstari mmoja kwa ukaribu. Stakabadhi namba 8841 ni ya mkulima aliyeleta kilo 420, na kwa bei ya mfano ya shilingi 1,500 kwa kilo anadai shilingi 630,000. Programu inauchukua mstari, inaandika INATUMWA, inatuma ombi. Kampuni ya simu inapokea ombi, inahamisha pesa kutoka akaunti ya chama, na inamtumia mkulima ujumbe wa kupokea. Jibu la kuthibitisha linaanza safari ya kurudi. Kabla halijafika, umeme unakatika kwenye chumba cha seva, na betri ya akiba, ambayo hakuna aliyeikagua tangu msimu uliopita, inadumu sekunde chache tu. Umeme ukirudi, programu inaamka na kukuta mstari wa 8841 umeandikwa INATUMWA. Je, pesa imekwenda au haijakwenda?

Jedwali halina jibu, na ni muhimu kuelewa kwamba halingeweza kuwa nalo kwa mpangilio wowote. Kuna vitendo viwili: kuhamisha pesa, unaofanyika kwenye mfumo wa kampuni ya simu, na kuandika kwamba pesa imehamishwa, unaofanyika kwenye hifadhidata ya chama. Ukituma kwanza na kuandika baadaye, umeme ukikatika katikati utakuwa umelipa bila kuandika, na utalipa tena. Ukiandika IMELIPWA kwanza na kutuma baadaye, umeme ukikatika katikati utakuwa umeandika bila kulipa, na mkulima ataondoka mzani na stakabadhi ya deni ambalo mfumo unasema limekwisha. Unaweza kulisogeza pengo upande huu au ule, unaweza kulifupisha likawa la sehemu ya sekunde, lakini huwezi kuliondoa, kwa kuwa hakuna kitendo kimoja kinachofanyika kwa pamoja ndani ya mifumo miwili isiyo chini ya mamlaka moja.

Kosa linalostahili kuangaliwa kwa makini ni la kujaribu kuliziba pengo hili kwa muamala wa hifadhidata. Mtaalamu anafungua muamala kwa `BEGIN`, anaufunga mstari, anatuma pesa, anaandika IMELIPWA, kisha anathibitisha kwa `COMMIT`. Anajiambia kwamba jambo lolote likiharibika katikati, hifadhidata itarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Na kweli itarudisha, lakini kile tu kilicho chake. Umeme ukikatika baada ya pesa kwenda, hifadhidata itaufuta muamala kwa uaminifu wote na kuurudisha mstari kwenye INASUBIRI, hali shilingi 630,000 zimeshafika kwenye simu ya mkulima. Katika mpangilio huu hata ile alama ya INATUMWA, ambayo ingetushtua kwamba jambo lilikuwa limeanza, imefutwa. Mstari unaonekana kama haujawahi kuguswa, na dakika inayofuata utalipwa tena bila shaka yoyote. Muamala uliowekwa ili kulinda umefuta ushahidi pekee uliokuwepo. Ndiyo sababu alama ya INATUMWA lazima ithibitishwe katika muamala wake mfupi, ukamilike kabla ombi halijatoka.

Kukatika kwa umeme ni mfano unaoonekana kwa macho, lakini si sababu inayotokea mara nyingi zaidi. Inayoongoza ni ukimya. Programu hutuma ombi, husubiri sekunde 30, haipati jibu, na hukata tamaa. Ukimya huo unaweza kuwa na maana tatu: ombi halikufika kabisa; ombi limefika na bado linashughulikiwa; au ombi limefika, pesa imehamishwa, na jibu limepotea njiani. Kwa aliyetuma, mambo haya matatu yanafanana kabisa. Programu inayoandika IMESHINDIKANA baada ya sekunde 30 na kuurudisha mstari kwenye foleni inatafsiri kutojua kuwa ni kujua. Mtandao unapokuwa mzito, ambao mara nyingi ni wakati uleule wa shughuli nyingi, majibu mengi huchelewa kupita sekunde 30, na kila jibu lililochelewa linakuwa malipo ya pili.

Deni lipewe jina kabla ya kulipwa

Kwa kuwa kurudia hakuepukiki, swali linabadilika. Haliwi tena namna ya kuzuia ombi lisitumwe mara mbili, bali namna ya kumfanya anayelipokea atambue kwamba maombi mawili ni ombi moja. Hundi ya benki ilishalijibu swali hili zamani: namba huchapwa kwenye hundi kabla haijaandikwa kiasi, na mtu akiwasilisha hundi yenye namba ambayo imeshalipwa, benki haihitaji kujua sababu ya yeye kurudi, inakataa tu.

Kwa malipo yetu, namba hiyo ni namba ya kumbukumbu. Inatengenezwa wakati mstari unaingizwa kwenye jedwali, inahifadhiwa humo, na hutumwa pamoja na kila ombi linalohusu mstari huo, liwe la kwanza au la tano. Kampuni ya simu, kwa upande wake, huiandika namba hiyo kwenye hifadhidata yake chini ya sharti la upekee, katika muamala uleule unaohamisha pesa. Ombi la pili likifika na namba ileile, sharti linazuia mstari mpya usiingie, pesa haihamishwi, na mtumaji hurudishiwa jibu lilelile la mara ya kwanza. Sasa programu yetu inaweza kuamka baada ya umeme kurudi, ikaukuta mstari wa 8841 kwenye INATUMWA, na kulituma tena ombi bila hofu. Kama pesa haikwenda, itakwenda sasa. Kama ilikwenda, itajibiwa kwamba ilikwenda, na itaandika IMELIPWA.

Utaona kwamba kinga imehama. Kufuli na alama ya INATUMWA vilikuwa kwenye mfumo wa chama. Kinga ya mwisho iko mahali pesa inapohamia, kwa sababu hapo pekee ndipo kuhamisha pesa na kukumbuka kwamba imehamishwa vinaweza kuwa kitendo kimoja. Kufuli bado lina kazi, kwani linapunguza maombi ya bure na kuzuia nakala zisigombanie mstari mmoja, lakini lisihesabiwe kuwa ndilo linalozuia malipo mawili. Hata muda wa kuazima, yaani kanuni kwamba mstari uliokaa kwenye INATUMWA kwa dakika 10 unaweza kuchukuliwa na nakala nyingine, hautoi uhakika. Nakala ya kwanza inaweza kuwa haikufa, bali iligandishwa tu kwa dakika 11 pamoja na seva yake, kisha ikazinduka na kuendelea pale ilipoishia bila kujua kwamba mwenzake amechukua nafasi. Zote mbili zitatuma. Namba ya kumbukumbu ikiwa moja, hakuna hasara.

Ubora wa kinga hii unategemea kabisa namba imetokana na nini, na hapa kosa dogo hubatilisha kazi yote. Namba lazima itokane na deni. Isitokane na jaribio la kulilipa. Nimewahi kusoma programu iliyokuwa na namba za kumbukumbu ndefu na za kupendeza, zikitengenezwa upya ndani ya kitanzi kila ombi linapotumwa. Kila jaribio lilikuwa na jina lake, kwa hiyo kwa mpokeaji kila jaribio lilikuwa deni jipya. Namba yenye saa na dakika ya kutuma ndani yake ina ugonjwa huohuo.

Upande wa pili wa kosa hilo ni kuchagua namba ambayo si ya kipekee vya kutosha. Mtu anaweza kufikiri kwamba mkulima, tarehe na kiasi vikiunganishwa vinatosha kulitambulisha deni. Lakini mkulima mwenye mkokoteni mmoja anaweza kuleta kilo 420 asubuhi na kilo 420 jioni, kwa kuwa mkokoteni ni uleule na makreti ni yaleyale, na mfumo utamnyima malipo ya jioni ukidhani ni marudio. Kilicho cha kipekee katika biashara hii ni stakabadhi, kwa sababu kila upimaji hutoa moja. Na kama chama hulipa kwa awamu, sehemu kwanza na salio baada ya mnunuzi kulipa, awamu nayo lazima iingie kwenye namba: `ZAB-8841-1` kwa malipo ya kwanza, `ZAB-8841-2` kwa salio. Kwa hiyo jedwali la chama lenyewe liwe na sharti hili:

```sql
ALTER TABLE malipo
ADD UNIQUE (namba_ya_stakabadhi, awamu);
```

Sharti hili linaziba pia mlango ambao kazi ya malipo haiwezi kuuona. Karani aliyebonyeza kitufe cha kuhifadhi, akaona skrini imeganda, akabonyeza tena, anaweza kuingiza mistari miwili kwa mzigo mmoja. Kila mstari ukipewa namba yake ya kumbukumbu, kampuni ya simu italipa yote miwili kwa haki kabisa, kwani kwake ni madeni mawili. Ili sharti lifanye kazi, namba ya stakabadhi itolewe pale upimaji unapoanza, kabla ya kitufe kubonyezwa, ili kubonyeza mara mbili kulete namba moja. Kanuni ni ileile, imesogezwa hatua moja nyuma.

Mpokeaji akisahau, au asipojua kabisa

Mpokeaji hahifadhi namba milele. Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, kwa mfano, imeandika kwenye maelekezo yake kwamba namba za namna hii zinaweza kuondolewa zikishapita saa 24. Chukua mstari uliokwama kwenye INATUMWA Ijumaa jioni, seva ikazimwa, na ikawashwa Jumatatu asubuhi. Ikiwa mpokeaji wa pesa ana kanuni kama hiyo, ombi la Jumatatu litaonekana jipya hata kama namba ni ileile. Kwa hiyo programu inapaswa kujua umri wa mstari: ndani ya muda ambao mpokeaji anakumbuka, irudie kutuma, ukishapita, iulize kwanza hali ya muamala wenye namba hiyo, na ikikosa jibu la uhakika, iuweke pembeni kwa ajili ya mhasibu.

Ipo mifumo isiyotambua marudio kabisa, bali inakuruhusu tu kuuliza hali ya muamala kwa namba uliyoituma. Kuuliza kabla ya kurudia ni bora kuliko kurudia kwa upofu, lakini jibu la kwamba muamala haujulikani lisipokelewe haraka. Ombi la kwanza linaweza kuwa bado liko kwenye foleni ya mpokeaji; ukiuliza sasa utaambiwa halipo, utatuma jingine, na baada ya dakika mbili yote mawili yatatekelezwa. Muda wa kusubiri kabla ya kuliamini jibu hilo uwe mrefu kuliko muda mrefu zaidi ambao ombi linaweza kukaa kwenye foleni, na muda huo aulizwe mwenye mfumo, usikisiwe.

Mahali pasipo na namba ya kumbukumbu wala njia ya kuuliza, hakuna ufundi utakaoleta uhakika, na kinachobaki ni kuchagua kosa lipi ni nafuu. Ujumbe mfupi wa kumwarifu mkulima kwamba amelipwa ukienda mara mbili, hasara ni usumbufu kidogo; basi tuma kwanza na uandike baadaye. Pesa yenyewe ikienda mara mbili, kuirudisha ni kazi, hasa ikishatolewa kwa wakala, na njia ya kuikata kwenye mavuno yajayo huzua maneno kwenye mkutano mkuu. Kwa pesa, basi, mstari wenye shaka usimame hadi mtu auangalie. Ninajua kwamba mkulima anayesubiri hadi jioni hatafurahi. Lakini malipo yaliyochelewa yana mtu wa kuyafuatilia, ambaye ni mkulima mwenyewe, wakati malipo yaliyozidi mara nyingi hayana.

Hesabu za ndani

Kosa la kurudia halikai kwenye pesa inayotoka tu. Baada ya kupata jibu, programu nyingi huongeza kiasi kwenye jumla ya mkulima kwa amri kama `SET jumla = jumla + 630000`. Amri ya namna hii ikirudiwa, inaongeza tena. Kampuni ya simu ikitambua marudio na kurudisha jibu la zamani la mafanikio, programu isiyo makini itapokea mafanikio hayo mara ya pili na kuongeza jumla mara ya pili, hivyo pesa itakuwa sahihi na vitabu vitakuwa na makosa. Iliyo salama ni kuingiza mstari kwenye leja kwa namba ya kumbukumbu iliyo ya kipekee, kisha jumla ipatikane kwa kuijumlisha leja:

```sql
INSERT INTO leja (kumbukumbu, mkulima, kiasi)
VALUES ('ZAB-8841-1', 317, 630000)
ON CONFLICT (kumbukumbu) DO NOTHING;
```

Kuingiza huku na kubadilisha hali kuwa IMELIPWA kuwe ndani ya muamala mmoja. Hapa muamala wa hifadhidata unafaa kabisa, kwa sababu vitendo vyote viwili viko ndani ya hifadhidata moja.

Namna ya kugundua

Malipo yaliyojirudia hayaonekani kwenye jedwali la chama, na jambo hili huwashangaza hata wenye uzoefu. Mstari wa 8841 una hali moja tu. Ulipwe mara moja au mara tatu, utasomeka IMELIPWA. Leja yenye sharti la upekee nayo itaonyesha malipo moja. Dalili ya kwanza huwa ni akaunti ya chama kwenye kampuni ya simu kuishiwa salio mapema kuliko hesabu inavyosema. Kwa hiyo ulinganisho wa kila siku ufanywe dhidi ya taarifa ya miamala inayotolewa na kampuni ya simu: pakua taarifa, iweke kwenye jedwali lake, na utafute mkulima na stakabadhi vilivyotokea zaidi ya mara moja kwa awamu moja. Ikiwa namba ya kumbukumbu ilikuwa ikibadilika kila jaribio, ulinganisho kwa namba hautaona kitu, kwa hiyo tafuta pia simu moja iliyopokea kiasi kilekile ndani ya dakika chache, kisha uulinganishe kila mfano na stakabadhi za siku hiyo ili usimtuhumu yule mwenye mkokoteni.

Kabla ya msimu, kazi ijaribiwe kwa kuiua makusudi. Weka mfumo wa majaribio badala ya kampuni ya simu, ambao unahamisha pesa ya kubuni, unaandika kila uhamisho, unatambua namba ya kumbukumbu iliyojirudia na kurudisha jibu la mara ya kwanza, na unachelewesha baadhi ya majibu kwa sekunde 40. Ingiza mistari 100. Anzisha nakala mbili za kazi kwa pamoja, na kila baada ya sekunde kadhaa iue mojawapo kwa `kill -9` na kuianzisha upya, kwa sababu amri hiyo, kama umeme unapokatika, haiipi programu nafasi ya kujipanga. Muda wa kuazima ufupishwe kwenye jaribio, uwe dakika moja badala ya 10, ili mistari iliyoachwa na nakala zilizouawa ichukuliwe tena mapema. Iache kazi iendelee hadi jedwali lisiwe na mstari wowote wenye hali ya INASUBIRI wala INATUMWA, kisha hesabu uhamisho kwenye mfumo wa majaribio. Kama ni 100 kamili, na rekodi za programu zinaonyesha kwamba maombi yaliyotumwa yalikuwa zaidi ya 100, kinga imefanya kazi. Kama uhamisho ni 100 na maombi nayo ni 100, jaribio halijathibitisha lolote, kwani hakuna ombi lililorudiwa. Punguza muda kati ya kuua na kuua, na ulirudie.